MANENO YA FEDHA YAANDIKWE KWA LUGHA ZOTE MBILI



Mwaka 2022 nilikuwa nikifanya kazi kwenye karakana ya matofali si mbali na Mtandire, hapa Lilongwe. Jina la karakana hiyo sitalitaja, maana shabaha yangu si kugombana na mtu. Mwenzetu mmoja, mzee mwenye asili ya Uvira, aliomba malipo ya awali ya kwacha 10,000 ili anunue unga. Karani akafungua kitabu cha vocha, akaandika tarakimu, kisha kwenye mstari wa maneno akaandika kwa Kiswahili ili mzee aelewe: "Elfu kumi." Mstari wa Kiingereza akauacha mtupu, akisema ataujaza baadaye. Mzee alisoma, akaridhika, akatia sahihi, akapewa noti mbili za elfu tano.

Mwisho wa mwezi mshahara wake ulikatwa kwacha 19,000. Alipolalamika akaonyeshwa vocha. Sahihi ilikuwa yake, hawezi kuikana. Tarakimu zilisomeka 19,000. Maneno ya Kiswahili yalisema "Elfu kumi na tisa". Na ule mstari wa Kiingereza, uliokuwa mtupu, sasa ulikuwa na maneno mazuri ya kikarani: "Nineteen thousand kwacha".

Tuliitazama karatasi ile kwa makini. Sifuri ya kwanza ilikuwa imeongezwa mkia ikawa tisa, na mkia wenyewe ulilala upande tofauti na maandishi mengine. Maneno "na tisa" yalibanana, kana kwamba yamechelewa kufika. Tukauliza nakala ya kaboni iko wapi, maana aliyeongeza neno juu mara nyingi husahau kuliongeza chini. Tukaambiwa siku ile kaboni haikuwekwa. Basi mzee akapoteza kwacha 9,000, na mwenye karakana naye aliamini mpaka mwisho kwamba fedha zote zilimfikia mzee.

Ninaandika haya kwa sababu wengi wetu tulidhani kosa la mzee ni kutojua Kiingereza. Sikubaliani na dhana hiyo. Mzee alijua kusoma, na alisoma alichoandikiwa. Kosa lilikuwa kwamba hati yake ilifungwa kwa lugha moja tu, tena kwa namna ya kuandika ambayo katika Kiswahili huacha mlango wazi. Maoni yangu ni haya: kila hati ya malipo inayotolewa kwa mfanyakazi msemaji wa Kiswahili iwe na kiasi cha fedha kwa tarakimu, kwa maneno ya Kiswahili, na kwa maneno ya Kiingereza, vyote vitatu viandikwe na mkono mmoja, kwa wakati mmoja, kabla ya sahihi. Nitaeleza kwa nini.

Tuanze na Kiswahili chetu wenyewe. Sisi hutanguliza neno "elfu" halafu tukataja idadi. Kwa hiyo hesabu yetu hukua kwa nyuma. "Elfu kumi" ikiongezwa mkia inakuwa "elfu kumi na tisa", na hakuna herufi hata moja ya mwanzo iliyoguswa. Mghushi hahitaji kufuta wala kukwangua. Anahitaji nafasi tu mbele ya neno la mwisho, na wino unaofanana.

Kuna udhaifu wa pili ambao hauhitaji hata mghushi. "Elfu kumi na tano" ni ngapi? Kila mtu atajibu haraka kwamba ni 15,000. Lakini maneno hayo hayo yanaweza kusomwa elfu kumi, na tano juu yake, yaani 10,005. Vivyo hivyo "elfu mia mbili na hamsini" yaweza kuwa 250,000, au 200,050. Katika mazungumzo hatukosei, kwa sababu tunajua tunazungumzia mshahara wa nani na kazi gani. Karatasi iliyofungiwa kabatini miezi sita haina mazungumzo ya kuisaidia. Siku ya ugomvi kila upande utasoma maana inayoupendeza.

Dawa yake ni rahisi. Idadi ya maelfu ikifika kumi au kuzidi, tuandike idadi kwanza kisha "elfu" nyuma yake: "kumi elfu", "kumi na tano elfu". Masikioni huenda maneno hayo yasiwe matamu, lakini hati ya malipo si utenzi. Tazama kazi yake: "kumi na tano elfu" haiwezi kusomwa 10,005 kwa vyovyote vile. Na "kumi elfu", hata mtu akiongeza "na tisa" mwishoni, atapata 10,009, yaani atajisumbua kwa kwacha tisa. Neno "elfu" likikaa nyuma hufanya kazi ya komeo. Linalobaki ni kuandika maneno yakiwa yamekaribiana, ili asije mtu akapenyeza kitu kati ya "kumi" na "elfu".

Kwa mamia ya maelfu, neno "laki" linasaidia sana. Ndugu zetu wa Tanzania na Kenya wanalijua. Wale wa Kongo wengi husema "elfu mia", na laki moja ndiyo hiyo hiyo elfu mia. "Laki mbili na hamsini elfu" ni 250,000, na hakuna awezaye kuisoma vingine.

Sasa tugeukie Kiingereza. Baadhi yetu hudhani kwamba lugha ya ofisi haina kasoro. Inayo, ila kasoro yake imekaa mahali pengine. Katika Kiingereza hatari iko mwishoni mwa neno moja moja. "Six" ikiongezwa herufi mbili inakuwa "sixty", yaani sita imekuwa sitini. "Seven" na "nine" ni hivyo hivyo. "Eight" ni mbaya zaidi, kwa kuwa herufi moja tu inaigeuza kuwa "eighty". Mwenye kuandika "Six thousand" akaacha upenyo kati ya maneno mawili ameacha mlango wa 60,000, na tarakimu 6,000 nazo zikiachwa na upenyo kabla ya mkato hupokea sifuri moja bila shida.

Hapa ndipo ninapotaka tusimame. Mahali ambapo Kiswahili ni dhaifu, Kiingereza kina nguvu. Na mahali ambapo Kiingereza ni dhaifu, Kiswahili kina nguvu. "Elfu kumi" hugeuzwa kwa mkia, lakini "Ten thousand" haiwezi kugeuzwa kuwa "Nineteen thousand" bila kufutwa yote. "Six" hugeuzwa kuwa "sixty" kwa herufi mbili za nyuma, lakini ili "sita" iwe "sitini" lazima herufi ya mwisho ivunjwe na kuandikwa upya, na uharibifu huo huonekana kwa macho. Mwizi anayekutana na lugha mbili kwenye hati moja amekutana na kufuli mbili zenye funguo tofauti. Lakini kufuli ya pili ikiachwa wazi, yaani mstari mmoja ukiachwa mtupu, mwizi mwenyewe ndiye atakayeifunga, tena kwa ufunguo wake. Ndivyo alivyofanyiwa yule mzee.

Mstari mtupu umewaangusha hata matajiri wenye mawakili. Mwaka 1918 Baraza la Makabaila, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, liliamua kesi kati ya benki iitwayo London Joint Stock Bank na kampuni ya Macmillan na Arthur. Karani wa kampuni alimpelekea mmoja wa wenye kampuni hundi ya pauni 2 ili aitie sahihi. Tarakimu 2 ilikuwa na nafasi kushoto na kulia, na mstari wa maneno ulikuwa mtupu. Mkubwa akatia sahihi. Karani akaongeza 1 kushoto na 0 kulia, ikawa pauni 120, kisha akajaza mwenyewe maneno ya pauni mia moja na ishirini, akaenda benki akalipwa. Kampuni ilitaka benki ibebe hasara. Mahakama ikakataa, ikasema aliyetia sahihi hundi yenye upenyo wa namna ile ndiye aliyemrahisishia mghushi kazi, na hasara ni yake.

Kuna jambo jingine la kisheria ambalo kila mfanyakazi alijue. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1882 kuhusu hundi na hati za ahadi, katika kifungu chake cha 9, inasema kwamba kiasi kikiandikwa kwa maneno na kwa tarakimu, na viwili hivyo vikatofautiana, kinacholipwa ni kile cha maneno. Nchi zilizotawaliwa na Mwingereza, Malawi, Tanzania na Kenya zikiwamo, ziliurithi msingi huo. Sheria hiyo inahusu hundi na hati za aina hiyo. Si ya kila kikaratasi cha vocha. Lakini makarani na wakaguzi wa hesabu wamelelewa nayo, na wakiona tofauti huanza kuyaamini maneno. Kwa hiyo tusiyaone maneno kama pambo la kuzirembesha tarakimu. Maneno ndiyo kiasi chenyewe, na tarakimu ni msaidizi. Nasi mara nyingi hukagua tarakimu kwa makini, halafu maneno tunayapita.

Na je, maneno ya Kiswahili yakitofautiana na ya Kiingereza? Kifungu hicho hakisemi lugha ipi ishinde. Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba hati ya namna hiyo isitiwe sahihi wala isilipwe. Isirekebishwe juu kwa juu. Ipigwe mistari miwili ya kuibatilisha, ibaki kitabuni pamoja na nakala yake, na iandikwe nyingine.

Upande wa tarakimu nina mambo mawili tu, na yote yanatokana na sisi kusomea shule tofauti. Wengi wetu tulioingia Dzaleka, kule Dowa, tangu kambi hiyo ilipofunguliwa mwaka 1994, tumetoka Kongo, Burundi na Rwanda, tulikofundishwa hesabu kwa Kifaransa. Huko nukta hutenga maelfu, na mkato hutenga sehemu ndogo ya fedha. Malawi, kama Tanzania na Kenya, hufanya kinyume: mkato hutenga maelfu, na nukta hutenga tambala. Mtu wa Bujumbura akiandika 12.500 anakusudia kumi na mbili elfu na mia tano. Karani wa Lilongwe aweza kuona kwacha kumi na mbili na nusu. Njia salama ni kuandika kwa desturi ya nchi tuliyomo, tena mpaka mwisho: K12,500.00. Hata kama tambala hazinunui kitu siku hizi, zile sifuri mbili za mwisho humwonyesha msomaji alama ipi ni ya maelfu, na huziba nafasi ya kuongeza tarakimu kulia. Herufi K nayo igusane na tarakimu ya kwanza, ili kushoto pasibaki nafasi.

Jambo la pili ni moja na saba. Waliosoma kwa Kifaransa huandika 1 yenye mkono mrefu unaopanda, na 7 yenye kijistari katikati. Aliyesoma kwa Kiingereza anapoiona ile 1 huidhania 7, kwa kuwa 7 yake yeye haina kijistari. Nimewahi kuona siku 11 za kazi zikisomwa 17, na safari nyingine siku 17 zikilipwa kama 11. Tuandike 1 kama kijiti kilichosimama tu, na 7 tuiwekee kijistari. Hapo haitamchanganya yeyote.

Tarehe nazo zina mitego yake. Hapa Malawi tunaanza na siku, kisha mwezi. Lakini fomu zilizochapwa kwa mtindo wa Kimarekani huanza na mwezi. Ukiandika 03/04/2025, mmoja atasoma tarehe tatu Aprili, mwingine tarehe nne Machi, na kama ni deni, tofauti hiyo ni mwezi mzima. Mwezi uandikwe kwa jina, na mwaka uandikwe wote: 3 Aprili 2025. 

Walinzi wa usiku wana tatizo lao. Kwa Mswahili wa pwani, siku huanza jua linapotua, hivyo "usiku wa Jumamosi" ni usiku unaotangulia mchana wa Jumamosi. Kwa karani wa Kiingereza usiku huo ni wa Ijumaa. Hesabu za zamu hupotea hapo, hasa usiku wa mwisho wa mwezi, ambao huangukia katika mwezi mwingine. Tuandike "usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi", pamoja na tarehe zote mbili, na ugomvi utaisha kabla haujaanza.

Sasa tuyaweke yote kwenye hati moja. Tuseme mfanyakazi analipwa kwacha 216,500. Hati yake isomeke hivi:

Tarehe: 3 Aprili 2025
Kiasi: K216,500.00
Kwa maneno: Kwacha laki mbili, kumi na sita elfu, na mia tano tu ————
Kwa Kiingereza: Kwacha two hundred and sixteen thousand, five hundred only ————

Angalia kila kipande kina kazi gani. Neno "Kwacha" linaanzia ukingoni kabisa mwa mstari, ili mtu asipate pa kupachika "milioni moja" mbele yake. "Elfu" imekaa nyuma ya kumi na sita. Neno "tu" kwa Kiswahili, na "only" kwa Kiingereza, linasema hesabu imeishia hapo, na mstari uliochorwa hadi ukingo wa kulia unakula nafasi iliyobaki. Ukitaka kuigeuza hati hii kwa faida ya maana, itakubidi uvunje mahali patatu, na kila mahali kwa njia tofauti. Kisha mwenye kupokea asome maneno kwa sauti, ahesabu fedha mkononi, na ndipo atie sahihi au dole gumba, karibu na maneno, wala si chini kabisa ya ukurasa palipobaki uwanja mtupu. Nakala ya kaboni aondoke nayo yeye.

Najua majibu tutakayopewa. Kapita atasema foleni ni ndefu na maneno yanapoteza muda. Mimi nimejaza vocha kama hii mara nyingi. Mstari wa pili hauchukui hata dakika moja. Vocha ya yule mzee ilituchukua siku nne za mabishano, na haikurudisha kitu.

Wengine watasema Kiswahili si lugha ya ofisi nchini Malawi. Ni kweli, na hatuombi kiwe. Mstari wa Kiingereza unabaki palepale kwa ajili ya ofisi na mkaguzi. Mstari wa Kiswahili ni wa mtu anayetia sahihi, kwa sababu sahihi chini ya maneno usiyoyaelewa ni sahihi chini ya mstari mtupu. Mwajiri mwaminifu naye anafaidika, maana katika kisa nilichoeleza aliyeibiwa hakuwa mzee peke yake. Vitabu vya mwenye karakana navyo vilidanganywa.

Mwaka 2023 serikali iliagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi Dzaleka. Watu waliondoka Mtandire kwa haraka, wengine wakiwa bado wanadai ujira, wengine wakiwa wamekopesha, wengine wamekopa. Kutoka kambini hadi hapa ni zaidi ya kilomita 40, na mtu hawezi kuja kila wiki kujieleza mlangoni kwa mdaiwa wake. Aliyekuwa na karatasi iliyoandikwa vizuri aliituma, ikamsemea. Aliyekuwa na karatasi yenye "elfu kumi na tano" na tarehe ya 03/04 aliulizwa maswali ambayo hakuwapo kuyajibu.

Kwa hiyo napendekeza kwa wawakilishi wetu wa matawi: mkutano ujao wa mahali pa kazi uwe na ajenda ya vocha. Waombe kitabu cha vocha kinachotumika sasa, wakifungue mbele ya wote, na waone ni hati ngapi zina mstari mtupu juu ya sahihi ya mtu. Kisha wadai kitabu kipya kichapwe chenye mistari miwili ya maneno. Mpaka kitakapochapwa, kila mmoja wetu na auandike mstari wa pili kwa mkono wake mwenyewe kabla ya kutia sahihi, na pale atakapoambiwa "tutajaza baadaye", aiweke kalamu chini.